Fidia ya tribinali ya kazi na kodi ya IPR: makato haya yametoka wapi?

*«Nilifanya kazi miaka minane kamili katika kampuni moja ya huduma za migodi hapa Lubumbashi. Nilifukuzwa bila preavisi, yaani bila kupewa taarifa ya mapema, na picha yangu ikabandikwa getini kwamba mimi ni mwizi. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa franka 1,820,000 kwa mwezi. Tribinali ya kazi ilinipa haki: mishahara ya miezi miwili niliyokuwa nadai, pesa ya preavisi, fidia ya miezi 12, na franka 4,000,000 kwa kuchafuliwa jina. Jumla ni franka 34,380,000. Mwezi Juni 2024 kampuni ilinilipa 22,862,700 tu, ikasema zilizobaki ni CNSS na kodi. Je, fidia inakatwa kodi kama mshahara? Kama haikatwi, nani atanirudishia?»*

Ndugu yangu, sehemu ya pesa hiyo inakatwa kodi, sehemu nyingine haikatwi, na hata ile inayokatwa haikupaswa, kwa kiasi kikubwa, kukatwa kwa kiwango walichokitumia. Nimeirudia hesabu yako mara mbili. Hata nikiisoma sheria kwa namna inayompendelea mwajiri, bado naona amezuia karibu franka milioni nane zaidi ya zile alizoruhusiwa kuzuia. Nitakuonyesha hatua kwa hatua jinsi nilivyofika hapo, ili utakapokaa mbele ya mhasibu wa kampuni au mbele ya wakili wako uweze kuweka kidole kwenye namba yenyewe.

Tuanze na jinsi walivyopiga hesabu, kwa maana kosa linaonekana humo humo. Ukichukua jumla yako ya 34,380,000 na kuikata asilimia 5, unapata 1,719,000, ambayo ndiyo sehemu ya mfanyakazi kwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Zinabaki 32,661,000. Ukizikata hizo asilimia 30, unapata 9,798,300. Jumlisha makato hayo mawili na utoe kwenye pesa ya hukumu: zinabaki 22,862,700, franka kwa franka, sawasawa na ulizopokea. Kwa hiyo hakuna fumbo lolote. Mhasibu aliichukua hukumu nzima, akaiingiza katika programu ya mishahara kana kwamba ni mshahara wa mwezi mmojawapo, kisha akaiacha mashine ikate.

Hiyo asilimia 30 kamili ni alama ambayo kila mtu aliyelipwa pesa ya hukumu angefaa kuitafuta kwenye karatasi yake. Kodi ya IPR, yaani kodi ya kazi inayotozwa kwenye malipo ya wafanyakazi, inapanda kwa ngazi. Kwa kanuni zilizotumika kwenye malipo ya mwezi huo wa Juni 2024, ngazi ya kwanza ni asilimia 3 hadi franka 1,944,000 kwa mwaka, inayofuata ni asilimia 15 hadi 21,600,000, kisha asilimia 30 hadi 43,200,000, na asilimia 40 kwa kinachozidi hapo. Juu ya ngazi zote kuna dari: kodi nzima haiwezi kupita asilimia 30 ya mapato yanayotozwa. Sasa, mtu wa mshahara wa 1,820,000 kwa mwezi hafiki hata karibu na dari hiyo, kwa kuwa kodi yake ya kawaida ni kama asilimia 14. Ukiona umekatwa asilimia 30 bila hata franka moja kuzidi au kupungua, ujue ngazi za mwaka zimegawanywa kwa miezi 12, pesa yako yote ikabanwa ndani ya mwezi mmoja, ikapaa hadi ngazi ya asilimia 40, na dari ndiyo iliyoizuia isipande zaidi. Umetozwa kama mtu anayepokea franka milioni 34 kila mwezi, jambo ambalo halijawahi kuwa kweli katika maisha yako.

Kabla sijaigawanya pesa yako, kuna mawazo mawili ninayoyasikia sana hapa mjini, na yote mawili yanawapoteza watu.

La kwanza ni lile la wafanyakazi: kwamba pesa iliyotolewa na tribinali haiguswi na kodi kwa sababu imetoka kwa jaji. Si hivyo. Jaji hakukulipa, aliyekulipa ni mwajiri, na jaji alimwamuru tu. Sheria ya kodi za mapato ya tarehe 10 Februari 1969, katika kifungu cha 47, inahesabu miongoni mwa malipo ya kazi yanayotozwa pia pesa ambazo mwajiri analipa, ziwe zimeandikwa katika kontra au hazikuandikwa, kwa ajili ya kukoma kwa kazi au kuvunjwa kwa kontra. Maneno hayo ni mapana kwa makusudi. Waandishi wake walitaka kufunga mlango kwa mwajiri na mfanyakazi ambao wangekubaliana kuuita mshahara «fidia» ili wakwepe kodi, ndiyo maana kifungu hicho hicho kinasema kwamba jina ambalo malipo yamepewa halibadilishi kitu.

Wazo la pili ni la ofisi za wahasibu: kwamba kwa kuwa fidia imetajwa pamoja na mshahara katika kifungu kimoja, basi inatozwa kwa ngazi zile zile. Hapo ndipo mwajiri wako alipoanguka. Sheria iyo hiyo, inapopanga viwango, inaziondoa pesa za kumaliza kazi, zile zinazolipwa kwa sababu kazi imekoma au kontra imevunjwa, na kuziwekea kiwango chao cha pekee cha asilimia 10. Sababu yake ni ya haki tupu: malipo hayo huja mara moja, huwa makubwa, na mtu anayapokea wakati ambapo hana tena mshahara wa mwezi ujao. Kuyatoza kwa ngazi zinazopanda kungemwadhibu kwa kulipwa kwa mkupuo. Nimeona wahasibu wazuri, watu waaminifu kabisa, wakishangaa wanapoonyeshwa kiwango hicho, kwa sababu programu zao zina safu moja tu ya IPR na hakuna aliyewahi kuziongezea ya pili.

Baada ya hapo, hukumu yenyewe. Fungua ukurasa wake wa mwisho, pale ambapo jaji, baada ya kueleza sababu zake zote, anaandika amri zake moja moja. Kwa bahati nzuri jaji wako alitenganisha vipande vinne na kila kimoja akakipa namba yake. Laiti angeandika franka 34,380,000 «kwa madhara yote kwa jumla», kama wengine wanavyoandika, mazungumzo yetu yangekuwa magumu zaidi, kwa kuwa kila kipande kina asili yake, na kodi hufuata asili.

Kipande cha kwanza ni mishahara ya miezi miwili, franka 3,640,000. Huu ni mshahara uliochelewa, na kuchelewa hakuubadilishi kuwa kitu kingine. CNSS inakatwa, IPR inakatwa kwa ngazi. Lakini ni miezi miwili, hivyo kila mwezi unahesabiwa peke yake. Toa asilimia 5 ya CNSS, yaani 91,000, kwenye 1,820,000, zinabaki 1,729,000. Ngazi ya kwanza ya mwezi, franka 162,000, inatoa kodi ya 4,860. Zile 1,567,000 zinazofuata, kwa asilimia 15, zinatoa 235,050. Kodi ya mwezi ni 239,910, na ya miezi miwili ni 479,820. Ukiwa na mke na watoto unaowalea, kodi hiyo inapunguzwa asilimia 2 kwa kila mmoja wao, hadi watu tisa. Angalia kama walikupa punguzo hilo. Katika hesabu yao sikuliona, na kwa sababu hukuniambia familia yako ina watu wangapi, mimi pia sijaliweka.

Kipande cha pili ni preavisi. Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, namaanisha sheria kuu ya kazi na si kodi ya pesa, inasema katika kifungu cha 64 kwamba mwajiri anayemwondoa mfanyakazi anampa angalau siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Kwa miaka yako minane ni siku 14 na siku 56, jumla siku 70. Mshahara wako ukigawanywa kwa siku 26 za kazi za mwezi unatoa franka 70,000 kwa siku, na mara 70 unapata 4,900,000. Pesa hii ililipwa kwa sababu kontra ilivunjwa bila kuheshimu muda huo. Ni malipo ya kuvunja kontra waziwazi, na kiwango chake ni asilimia 10, yaani 490,000. Kuhusu CNSS kwenye preavisi, kuna waajiri wanaoikata kwa hoja kwamba inachukua nafasi ya mshahara. Ni franka 245,000, na mimi nisingeacha jambo kubwa likwame kwa ajili ya hilo.

Kipande cha tatu ndicho kikubwa, na ndicho ninachotaka tukitazame polepole: fidia ya miezi 12, franka 21,840,000.

Kifungu cha 63 cha sheria ya kazi kinasema kwamba mfanyakazi aliyeondolewa bila sababu ya kweli ana haki ya kurudishwa kazini, na kama hakurudishwa, tribinali inampangia fidia ya madhara kwa kutazama aina ya kazi yake, miaka aliyotumika, umri wake na haki alizokuwa ameshazipata, bila kupita mishahara ya miezi 36. Ona kwamba miezi 12 katika hukumu yako ni kipimo tu. Jaji hakusema kwamba umefanya kazi miezi 12 zaidi. Alitumia mshahara wako kama mtu anavyotumia debe kupimia mahindi, na debe halijawahi kuwa mahindi. Kwa hiyo wanasheria wengi wa upande wa wafanyakazi hudai kwamba fidia hii si mapato hata kidogo: inaziba shimo ambalo mwajiri alilichimba kwa kosa lake, na anayezibiwa shimo hajapata faida.

Hoja hiyo ina uzito, na inapata nguvu zaidi kutokana na maana ya malipo ya kazi katika kifungu cha 7 cha sheria ya kazi, ambacho kinataja mshahara, kamisheni, primu, pesa ya likizo na mengine ya namna hiyo, lakini hakitaji fidia ya madhara. Hata hivyo lazima nikuambie ukweli wote. Maneno ya sheria ya 1969, «ziwe zimeandikwa katika kontra au hazikuandikwa, kwa ajili ya kuvunjwa kwa kontra», yanaifikia fidia hii bila kunyooshwa sana, kwa kuwa isingekuwapo kama kontra isingevunjwa. Mkaguzi wa DGI, idara ya serikali inayokusanya kodi, atayasoma hivyo, na mwajiri anayeogopa ukaguzi atayafuata. Kwa maoni yangu, mtu anayeshikilia kwamba fidia hii haitozwi kabisa anaanza vita vinavyoweza kudumu miaka, akiwa na nafasi ya kushindwa. Mtu anayedai itozwe asilimia 10 badala ya 30 ana maneno ya sheria mkononi. Mimi ningedai asilimia 10 kama haki isiyobishaniwa, yaani kodi ya 2,184,000, na ningeacha hoja ya msamaha kamili iandikwe na wakili kama dai la ziada, akiona inafaa.

Kipande cha nne ni franka 4,000,000 za jina lako. Hapa msimamo wangu ni mwingine kabisa. Pesa hii haikutokana na kuvunjwa kwa kontra. Ilitokana na kitendo cha kubandika picha yako getini na kukuita mwizi mbele ya wenzako, na kitendo hicho kingekuwa kosa hata kama ungebaki kazini hadi leo. Msingi wake ni kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, kinachomlazimisha kila mtu aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kulirekebisha dhara hilo. Angekubandika jirani yako wa mtaa wa Kenya au wa Katuba hapa mjini, ungemshitaki kwa kifungu hicho hicho, na hakuna ambaye angefikiria kukata IPR kwenye fidia ya jirani. Mlipaji kuwa mwajiri hakuigeuzi kuwa malipo ya kazi. Kodi yake, kwa usomaji wangu, ni sifuri.

Wasomaji walioumia mwilini watumie kipimo hicho hicho. Mtu aliyevunjika mkono akiwa kazini akapewa pesa kwa ajili ya mkono wake, hajalipwa kwa kazi wala kwa kuvunjwa kwa kontra. Amelipwa kwa mkono. Lakini mishahara iliyolipwa na mwajiri katika majuma aliyolala hospitalini ni malipo ya kazi kwa mujibu wa kifungu cha 7 nilichokitaja, na inakatwa kama kawaida. Vitu hivyo viwili vikichanganywa katika karatasi moja bila kutenganishwa, kile kinachotozwa hukivuta na kile kisichotozwa.

Limebaki suala la CNSS. Walikata asilimia 5 kwenye hukumu nzima, hata kwenye fidia. Hilo halina msingi. Mchango wa CNSS unafuata malipo ya kazi, na unapaswa kukujengea pensheni kwa miezi uliyofanya kazi. Fidia ya madhara haina mwezi wowote wa kazi ndani yake. Kuna jaribio rahisi: waulize wakuonyeshe ni miezi gani ya utumishi waliyoitangaza kwa mchango huo wa 1,719,000. Miwili wataionyesha, ile ya mishahara iliyochelewa, ambayo mchango wake ni 182,000. Zaidi ya hapo hawatakuwa na la kuonyesha, isipokuwa kama watashikilia ile preavisi.

Sasa jumlisha: CNSS 182,000, kodi ya mishahara 479,820, kodi ya preavisi 490,000, na kodi ya fidia 2,184,000. Makato halali, hata tukikubali kwamba fidia ya miezi 12 inatozwa, ni franka 3,335,820. Walikata 11,517,300. Tofauti ni franka 8,181,480, na ukiwaachia CNSS ya preavisi inashuka kidogo chini ya milioni nane.

Swali lako la pili, la nani atakurudishia, linategemea jambo moja ambalo hukuniambia na ambalo nadhani hujalijua bado: pesa hizo zipo wapi leo? Mwajiri anayekata IPR si mwenye kodi. Ni mkono tu wa kuipeleka. Anapaswa kuitangaza na kuilipa DGI isizidi tarehe 15 ya mwezi unaofuata malipo. Kwa malipo yako ya Juni, siku ya mwisho ilikuwa 15 Julai 2024. Kwa hiyo barua yako ya kwanza kwa kampuni isiwe na manung'uniko yoyote. Iombe karatasi tatu: mchanganuo wa makato kwa kila kipande cha hukumu, nakala ya tangazo la IPR la mwezi huo linaloonyesha jina lako na kiasi chako, na uthibitisho wa benki kwamba kiasi hicho kililipwa. Omba vivyo hivyo kwa CNSS. Ipeleke barua kwa mkono na urudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Majibu yao yatakuelekeza njia. Wasipoonyesha uthibitisho wowote wa malipo, basi kilichozuiliwa hakikuwa kodi. Ni pesa ya hukumu ambayo haijalipwa, na hukumu ambayo haijalipwa yote inatekelezwa na usie, ofisa wa kutekeleza hukumu, kama deni jingine lolote. Wakili wako atampa usie nakala ya hukumu yenye amri ya utekelezaji, usie atampa mwajiri onyo la kulipa, na akikaidi, akaunti ya kampuni inaweza kukamatwa benki kwa taratibu za OHADA, ambazo nchi yetu iliingia mwaka 2012. Nimeona zaidi ya mara moja kwamba «kodi» iliyokatwa kwenye fidia ilikuwa bado imelala katika akaunti ya mwajiri mwaka mzima baadaye, na ikatoka ndani ya siku chache baada ya onyo la usie.

Wakionyesha kwamba kweli walilipa DGI, njia inakuwa ndefu kidogo lakini haijafungwa. Kwa maoni yangu mwajiri bado anabaki mdaiwa wako kwa kile alichozidisha, kwa sababu amri ya jaji inampunguzia tu makato ambayo sheria imeyaruhusu, na makosa ya hesabu yake si sheria. Yeye ndiye aliyetangaza, na yeye ndiye anayeweza kwenda DGI kudai kilichozidi kirudishwe au kihesabiwe kwenye kodi zake za miezi inayofuata, jambo ambalo kwake ni la ofisini na kwako lingekuwa la kusumbuka. Mwambie hivyo kwa maandishi. Sheria ya taratibu za kodi ya tarehe 13 Machi 2003 inaweka miezi sita ya kupeleka malalamiko kwa maandishi dhidi ya kodi iliyotozwa, hivyo usikubali kuzungushwa na ahadi za «rudi mwisho wa mwezi» hadi muda huo upite. Ukiona wiki zinakwenda, wewe mwenyewe na wakili wako wekeni malalamiko DGI, mkiambatanisha hukumu, mchanganuo na hesabu niliyokuandikia, hata kama mwajiri anaahidi kwamba atafanya.

Mwajiri anaweza kukujibu kwamba hukumu haikusema lolote kuhusu kodi. Ni kweli, na ukimya huo una maana mbili kwa pamoja. Unamaanisha kwamba kiasi kilichoandikwa ni kabla ya makato, kwa hiyo huwezi kudai 34,380,000 zote mkononi. Lakini unamaanisha pia kwamba jaji hakumpa mwajiri ruhusa ya kukata anavyotaka. Pakitokea ubishi ambao barua haziwezi kuumaliza, kuna jaji anayeshughulikia matatizo ya utekelezaji wa hukumu, na swali la kumpelekea liwe fupi: je, kwa kipande hiki na hiki, mwajiri anakuwa amelipa deni lake akizuia kiasi hiki? Wale ambao kesi zao bado zinaendelea wawaombe mawakili wao waandike madai kipande kwa kipande tangu mwanzo, na waombe jaji aseme kama kiasi ni kabla au baada ya kodi. Mstari mmoja katika madai unaokoa miezi ya mabishano baadaye.

Neno moja kuhusu tarehe. Viwango nilivyotumia ni vya malipo ya Juni 2024. Mwishoni mwa 2023 ilipitishwa sheria inayobadilisha mpangilio mzima wa kodi ya mapato ya watu binafsi, na haikuhusu malipo ya mwezi huo. Msomaji anayelipwa baada ya sheria hiyo kuanza kufanya kazi asinakili asilimia zangu. Achukue njia ya kugawanya vipande, kisha aulize kiwango cha siku yake.

Kuna mambo matatu yanayokutaka uende kumwona mtu ana kwa ana badala ya kuendelea peke yako. Kama ulisaini karatasi ya kukubali kwamba umelipwa haki zako zote, ipeleke kwa wakili kabla ya kuandika barua yoyote, kwa sababu maneno yake halisi yanabadilisha namna ya kudai. Kama kampuni imeanza kufunga shughuli au kuhamisha vifaa vyake, nenda kwa usie juma hili hili. Na kama wakati wa kesi ulikuwa na msimamizi kutoka sendika, yaani chama cha wafanyakazi, mrudie, maana yeye anajua kama wenzako wengine walikatwa kwa namna hiyo hiyo, na barua ya watu watano wenye hesabu moja husomwa na mkurugenzi badala ya kubaki kwa mhasibu.

Wakikuita kukulipa tofauti, soma karatasi kabla ya kushika kalamu. Ikiwa kiasi ni pungufu ya kile unachodai, pokea pesa hiyo, lakini juu ya saini yako andika kwa mkono wako: «Nimepokea franka kadhaa, bila kuacha haki zangu zilizobaki», weka tarehe, na uondoke na nakala.